Sehemu Moja ya Taa za Mti wa Krismasi Inapozimika

Mti wa Krismasi wa plastiki unaouzwa ukiwa na taa zake matawini huzimika kwa namna tatu, na kila namna inaonyesha mahali tofauti pa kuanza kutafuta. Mti wote ukiwa giza, tatizo liko kwenye soketi ya ukutani, kwenye plagi au kwenye swichi ya kukanyagia. Kipande kizima kikizimika, tuseme matawi yote ya kileleni, anayeshukiwa kwanza ni kiungio kati ya kipande hicho na kile kilicho chini yake. Lakini kuna kuzimika kwa tatu: kiraka cha giza ndani ya kipande kimoja, matawi ya jirani yakiendelea kuwaka kama kawaida. Hapo kiungio ni kizima, umeme unafika, na bado balbu hamsini hivi hazitoi hata mwanga hafifu. Kuzimika huku ndiko kunakofanya miti mizuri itupwe, ilhali mara nyingi kasoro yenyewe ni kijiwaya kimoja chembamba kilichopinda.

Mti unaozungumziwa hapa ni ule wa Marekani na Kanada, wenye balbu ndogo za uzi zinazowaka kwa umeme wa volti 120. Ndio mti unaokutwa bado katika sebule za Waafrika Mashariki walioko Minnesota au Toronto, na ndio unaoweza kufika Mombasa au Dar es Salaam ndani ya kontena la mizigo ya mtu anayerudi nyumbani. Miti mipya zaidi hutumia taa za LED, na hizo zina tabia zake zitakazoelezwa baadaye. Mti wa balbu za uzi unastahili kutangulia kwa sababu unatengenezeka, na kwa sababu ukieleweka jinsi ulivyofungwa, kutafuta kasoro yake si kubahatisha tena.

Chukua mti wa futi saba na nusu wenye balbu 500: kipande cha chini kina balbu 250, cha kati 150, na cha juu 100. Mtu akiutazama huona kama waya mmoja mrefu unaozunguka matawi yote. Sivyo ulivyo. Balbu zake zimegawanywa katika mafungu kumi ya balbu 50, na kila fungu ni saketi yake. Ndani ya fungu, balbu zimefungwa kwa mfululizo: umeme unaingia balbu ya kwanza, unatoka kwenda ya pili, na kuendelea hivyo hadi ya hamsini, kama ndoo ya maji inayopokezanwa mkono kwa mkono. Volti 120 zikigawanywa kwa balbu 50, kila balbu inabaki na volti 2.4, na ndiyo maana balbu za miti hii huandikwa volti 2.5. Mafungu yenyewe kwa yenyewe yamefungwa sambamba, kila moja likichukua umeme wake kutoka kwenye nyaya kuu. Kwa hiyo fungu moja laweza kufa kabisa bila mengine tisa kujua. Kiraka cha giza kwenye mti ni fungu moja lililokatika mahali fulani.

Hapo swali la haki linazuka. Kama balbu 50 zinapokezana umeme, balbu moja kuungua ingepaswa kuzima zote, na mti wenye balbu 500 ungekuwa unazimika vipande vipande kila jioni. Taa za zamani zilifanya hivyo hasa. Za sasa zimewekewa kinga ndani ya kila balbu. Ukiishika balbu moja dhidi ya mwanga mkali, utaona nguzo mbili ndogo za waya zikipanda kutoka kwenye kitako, na juu yake uzi mwembamba unaowaka. Chini ya uzi huo, karibu na mahali nguzo zinapoingia kwenye kioo, pamezungushwa kiwaya kingine chembamba mara kadhaa. Hicho ni kiwaya cha akiba. Kimepakwa utando usiopitisha umeme, kwa hiyo balbu ikiwa nzima hakifanyi kazi yoyote, kimekaa tu.

Kinachokiamsha ni volti. Balbu zote zikiwa zima, kila moja inabeba volti 2.4, ambazo hazitoshi kuutoboa utando ule. Uzi wa balbu moja ukikatika, mkondo unasimama katika fungu zima. Mkondo ukisimama, balbu 49 zilizobaki haziwezi kupunguza volti yoyote, na volti zote 120 zinaangukia kwenye pengo la ile balbu iliyokatika. Kwa nguvu hiyo utando unachomeka, kiwaya cha akiba kinagusana na nguzo zote mbili, na umeme unapata njia ya kupita. Yote hutokea kwa kufumba na kufumbua. Balbu iliyoungua inabaki giza, wenzake wanaendelea kuwaka, na mwenye nyumba huenda asitambue lolote.

Basi fungu zima likizimika, maana yake ni kwamba kiwaya cha akiba hakikuweza kufanya kazi. Hilo hutokea kwa sababu chache zinazoeleweka. Ya kwanza ni kwamba pengo liko nje ya balbu: balbu imelegea kwenye holda, imedondoka, au vijiwaya vyake vya chini havigusi shaba ya holda. Kiwaya cha akiba kilichomo ndani ya kioo hakiwezi kuziba pengo lililo nje ya kioo. Ya pili ni kiwaya cha akiba chenyewe kugoma, labda kwa utando kuwa mzito au mguso kuwa mbaya. Ya tatu ni waya wa mti kukatika, kwa kutafunwa na panya stoo au kwa kukunjwa kila mwaka kwenye bawaba ya tawi. Ya kwanza ndiyo ya kushukiwa kabla ya nyingine, hasa kama mti ulizimika siku ya kuufungua baada ya miezi kumi na moja ndani ya boksi. Watu wengi huanza kwa kutafuta balbu iliyoungua, ingawa balbu iliyoungua peke yake, kwa kawaida, haizimi fungu.

Kabla ya kugusa balbu yoyote, fyuzi ziondolewe kwenye hesabu. Plagi ya Kimarekani ya taa hizi ina kifuniko kidogo cha kuteleza kati ya meno yake mawili, na chini yake mna fyuzi mbili za kioo, kwa kawaida za ampea 3. Fyuzi ikiungua, kila fungu linalopata umeme kupitia plagi hiyo huzimika. Kwa hiyo ikiwa plagi moja inalisha mafungu mawili na moja linawaka, fyuzi ni nzima na hakuna haja ya kuifungua. Yakizimika yote mawili kwa pamoja, fyuzi ndiyo ya kutazamwa kwanza, na ibadilishwe kwa nyingine ya ampea zile zile. Kuifunga kwa karatasi ya fedha ya sigara ili umeme upite ni kuiondolea nyaya nyembamba za mti kinga yake pekee dhidi ya moto, na mti huo umejaa plastiki.

Jambo la usalama linahitaji kusemwa wazi, kwa sababu udogo wa balbu hudanganya. Balbu ni ya volti 2.5, lakini holda si ya volti 2.5. Katika fungu lililokatika, kila holda iliyo kati ya plagi na mahali palipokatika inabeba volti 120 kamili kwa mtu anayeigusa. Giza la fungu si dalili kwamba halina umeme. Plagi ichomolewe kila mara balbu inapotolewa, kijiwaya kinaponyooshwa au kidole kinapokaribia mdomo wa holda. Umeme urudishwe kwa ajili ya kupima tu.

Hatua ya kwanza ya kazi yenyewe ni macho na vidole, plagi ikiwa imechomolewa. Fungu lililozimika lifuatwe holda kwa holda, kila balbu isukumwe ndani kwa kidole gumba hadi kitako chake kikae sawasawa. Holda iliyo tupu, kioo kilichovunjika, kitako kilichoinama upande mmoja na waya wenye alama za meno vitaonekana bila kifaa chochote. Nyaya zikiwa zimesokotana ni rahisi kupotea na kuingia fungu jirani. Alama moja husaidia: holda za katikati ya fungu zina nyaya mbili tu zinazoingia chini yake, lakini ya kwanza na ya mwisho huwa na waya wa tatu, kwa kuwa hapo ndipo fungu linapoungana na nyaya kuu. Vipande vya utepe wa rangi vikifungwa kwenye holda hizo mbili, mipaka ya kazi inajulikana.

Ikiwa ukaguzi huo haukuwasha taa, kinachofuata ni testa ya kupima umeme bila kugusa, ile kalamu inayolia au kuwaka inaposogezwa karibu na waya wenye umeme. Hapa mfululizo, ambao ndio ulioleta taabu, unageuka kuwa msaada. Fungu likikatika mahali pamoja, upande mmoja wa pengo umeungana na laivu na testa italia. Upande wa pili umeungana na nyutro, na testa itanyamaza. Mahali kilio kinapokoma ndipo kasoro ilipo.

Tahadhari mbili ni za lazima, la sivyo testa itapotosha. Kwanza, kuna waya mkuu unaopita sambamba na balbu zote kupeleka umeme mbele, na huo unaweza kuwa na laivu muda wote. Testa ikiwekwa kwenye nyaya zilizosokotana italia kila mahali. Balbu ivutwe kidogo pamoja na holda yake mbali na nyaya nyingine, na ncha ya testa iguse kichwa cha kioo cha balbu, si waya. Testa yenye kirekebishi cha wepesi wake wa kuhisi iwekwe kiwango cha chini. Pili, lazima ijulikane umeme unaingilia upande gani. Plagi nyingi za Kimarekani zina jino moja pana kuliko jingine ili zisiingizwe kinyume, na hizo hazina tatizo. Yenye meno sawa inaweza kugeuzwa, na ikigeuzwa, upande uliokuwa ukilia utanyamaza na ule uliokuwa kimya utalia. Kwa hiyo ikishachomekwa kwa ajili ya kupima, isigeuzwe hadi kazi iishe.

Hakuna haja ya kupima balbu zote 50 moja baada ya nyingine. Anayejua kazi hii huanzia katikati, na kila kipimo kinatupa nusu ya balbu zilizobaki. Turudi kwenye ule mti wa balbu 500, na tuseme fungu moja la kipande cha kati limezimika. Testa inawekwa kwenye balbu ya 25 kutoka upande wa laivu: inalia. Basi kasoro haiko nyuma yake, iko kati ya 25 na 50. Inawekwa kwenye ya 38: kimya. Kwenye ya 31: inalia. Kwenye ya 34: kimya. Ya 32 inalia, ya 33 iko kimya. Vipimo sita vimetosha, na washukiwa waliobaki ni balbu mbili tu na kipande cha waya kilicho kati yake.

Plagi inachomolewa, na balbu ya 32 inatolewa kwa kuvuta kitako chake, si kioo. Kitako ni kijiplastiki chenye matundu mawili chini. Kupitia matundu hayo hutoka vijiwaya viwili vyembamba kama unywele, na kila kimoja kimekunjwa kupanda juu ubavuni mwa kitako, ili balbu ikiingia kwenye holda vijiwaya vibanwe kati ya plastiki na vipande vya shaba vilivyo ndani. Kwenye balbu hii, kijiwaya cha kushoto kimepanda ubavuni inavyotakiwa. Cha kulia kimejikunja chini ya kitako, kikalala bapa kwenye sakafu ya holda bila kugusa shaba. Uzi wa balbu haujakatika. Balbu ni nzima kabisa, na bado ndiyo iliyozima wenzake 49, kwa sababu pengo lilikuwa nje ya kioo ambako kiwaya cha akiba hakifiki.

Dawa yake ni kukinyoosha kijiwaya kwa ukucha au koleo ndogo, kukikunja tena kipande ubavuni, na kuhakikisha viwili hivyo havigusani chini. Kabla ya kuirudisha balbu, holda inamulikwa kwa tochi. Shaba iliyofifia na kuwa nyeusi au ya kijani inakwaruzwa taratibu kwa ncha ya msumari mwembamba. Shaba iliyosukumwa nyuma inavutwa kidogo mbele ili ibane. Kisha balbu inaingizwa kwa kufuata mtaro wake, plagi inachomekwa, na fungu linawaka.

Si kila mara balbu ya mpakani itakutwa na vijiwaya vizuri hivyo. Vikiwa vimekaa sawa na fungu bado ni giza, yawezekana uzi umekatika na kiwaya cha akiba kimegoma. Njia rahisi ni kuweka hapo balbu nyingine inayojulikana kuwa nzima, iliyotolewa kwenye fungu linalowaka. Wengine hufanya hivyo kwa balbu zote 50 tangu mwanzo bila testa. Njia hiyo hufanikiwa fungu likiwa na kasoro moja, lakini ikiwa kasoro ni mbili, hakuna balbu moja itakayoliwasha hata zikibadilishwa zote kwa zamu. Testa haina udhaifu huo: hupeleka kwenye kasoro ya kwanza kutoka upande wa laivu, ikitengenezwa kilio kinasogea mbele hadi kwenye ya pili.

Katika maduka ya Marekani kuna pia kifaa chenye umbo la bastola kilichotengenezwa kwa ajili ya kiwaya cha akiba kinachogoma. Balbu moja ya fungu lililozimika hutolewa, holda yake huchomekwa kwenye kifaa, kisha kitufe chake hubonyezwa mara kadhaa. Ndani yake mna jiwe la cheche kama lile la kiberiti cha jiko la gesi, na kila likibanwa hutoa volti nyingi sana kwa mkondo mdogo mno. Mshtuko huo hupita kwenye fungu zima, na ukikutana na kiwaya cha akiba kilichogoma, unautoboa utando ambao volti 120 zilishindwa kuutoboa. Kifaa hiki ni kizuri kwa kasoro hiyo moja. Kwa kijiwaya kilichopinda chini ya kitako, kwa holda tupu na kwa waya uliotafunwa, hata kikibonyezwa mara mia hakitasaidia, na wengi hukilaumu bila kosa.

Mita ya fundi nayo ina mtego wake. Balbu nzima ikiwa baridi huonyesha ukinzani mdogo, takribani omu 2, na mita iliyowekwa kwenye sauti italia. Balbu iliyokatika uzi na kugoma kiwaya cha akiba haitaonyesha chochote, na hiyo ni ya kutupa. Lakini balbu iliyokatika uzi na kiwaya chake cha akiba kikafanya kazi italia pia, kwa sababu umeme unapita, ingawa haitawaka kamwe. Kwa hiyo mlio wa mita unathibitisha kwamba balbu haitakata mfululizo. Kama inatoa mwanga au la, hilo linajulikana kwa kuiona ikiwaka tu.

Fungu likishawaka, kishawishi ni kuacha kazi hapo. Ni kosa, na hesabu yake ni fupi. Tuseme ndani ya lile fungu la kipande cha kati, baada ya kuwaka, zinaonekana balbu tatu zilizo giza. Hizo zilikwisha ungua zamani na viwaya vyake vya akiba vinapitisha umeme bila kupunguza volti. Volti 120 sasa zinagawanywa kwa balbu 47, si 50, na kila moja inapata karibu volti 2.55 badala ya 2.4. Ongezeko hilo ni la asilimia 6, na jicho halitaona tofauti. Uzi wa balbu, hata hivyo, huchukia volti za ziada kupita kiasi. Ongezeko la asilimia 6 hupunguza maisha ya balbu hadi karibu nusu. Kwa hiyo tatu zilizokufa huivuta ya nne, ya nne huharakisha ya tano, na jinsi idadi inavyopanda ndivyo kasi inavyoongezeka, mpaka fungu linang'aa kupita majirani zake kwa siku chache na kufa lote. Fungu linaloonekana jeupe na kali kuliko mengine si la kufurahia. Linahitaji balbu mpya jioni hiyo hiyo.

Balbu mpya lazima iwe ya volti zile zile. Lebo iliyofungwa kwenye waya karibu na plagi huandika volti za balbu: 2.5 kwa mafungu ya balbu 50, na 3.5 kwa mafungu ya balbu 35 yanayopatikana kwenye baadhi ya miti. Zikichanganywa, hazigawani volti sawasawa, baadhi huwa hafifu na nyingine huungua mapema. Umbo la kitako nalo hutofautiana kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine, na balbu ya dukani mara nyingi haiingii kwenye holda ya mti wa zamani. Hilo halina haja ya kukatisha tamaa. Vijiwaya vya balbu iliyokufa vinanyooshwa, kioo kinavutwa kutoka kwenye kitako chake, na balbu mpya iliyovuliwa kitako chake inapitishwa vijiwaya kwenye matundu yale yale ya kitako cha zamani, kisha vinakunjwa kupanda ubavuni. Balbu yenye ncha nyekundu isitumiwe: hiyo ni ya kumetameta, na ikiwekwa itawasha na kuzima fungu zima. Yenye ncha nyeupe ni fyuzi ya fungu. Kwa makusudi haina kiwaya cha akiba, ili fungu likizidiwa lizimike, na irudishwe nyingine ya aina yake.

Inabaki kasoro ya waya wenyewe. Testa ikionyesha kwamba kilio kinakoma kati ya holda mbili ambazo balbu zake na shaba zake ni nzuri, waya umekatika ndani ya ganda lake, na mahali pa kwanza pa kutazama ni penye bawaba ya tawi. Kama fungu linawaka tawi likiinuliwa na kuzimika likishushwa, jibu limepatikana. Waya ukatwe mahali pabovu, ncha zimenywe, zisokotwe na kulehemiwa kwa risasi, kisha zifunikwe kwa mrija wa plastiki unaonywea kwa joto. Utepe mtupu wa umeme hulegea kwa muda, nao umekaa ndani ya majani ya plastiki. Holda iliyopasuka yaweza kuondolewa na nyaya zake mbili kuunganishwa moja kwa moja, lakini hiyo ni sawa na balbu moja iliyokufa ambayo haitabadilishwa tena, na kila holda inayoondolewa huwaongezea zilizobaki asilimia 2 ya volti. Moja inavumilika. Zikifika tatu, fungu hilo limepoteza nusu ya maisha yake.

Mti huo ukisafirishwa kuja Afrika Mashariki, kanuni zote hizi hubaki, isipokuwa umeme wa ukutani. Kenya hutumia volti 240 na Tanzania 230. Mti wa volti 120 ukichomekwa moja kwa moja kwa kutumia kigeuza plagi tu, kila balbu itapata karibu volti 4.8 na mafungu yote yataungua mara moja, pamoja na viwaya vya akiba. Panahitajika transfoma ya kushusha umeme. Mti wa balbu 500 hula takribani wati 200, hivyo transfoma ya wati 300 au zaidi itaubeba usiku kucha bila kupata moto kupita kiasi. Mtu aliyekuta mti wake umezimika wote baada ya kuuchomeka nyumbani asianze kutafuta kijiwaya kilichopinda. Aanze na lebo.

Miti ya LED, ambayo ndiyo inayouzwa zaidi sasa, mingi hutumia adapta inayoshusha umeme kabla haujafika kwenye mti. Taa zake pia zimegawanywa katika mafungu ya mfululizo, na kiraka cha giza kina maana ile ile. Tofauti ni kwamba LED hupitisha umeme upande mmoja tu, kwa hiyo ile inayotolewa na kurudishwa kinyume huzima fungu lake ingawa ni nzima. Mara nyingi kitako kina jino la kuzuia hilo, lakini kitako kikilazimishwa huingia. Testa ya bila kugusa kwa kawaida hainusi umeme mdogo unaotoka kwenye adapta. Hapo hutumika mita, na kazi ya kwanza ni kukagua viungio kati ya vipande, kwa kuwa pini zake ni ndogo na hupinda wakati wa kuunganisha nguzo. Kwenye miti ambayo LED zimefungiwa moja kwa moja kwenye waya bila holda, balbu haibadilishiki, na fundi anaweza kutengeneza kiungio au waya peke yake.

Kuna fungu lisilofaa kuhangaikiwa. Shaba zikiwa zimeoza kwenye holda nyingi, au panya akiwa amekata nyaya mahali pengi, muda na balbu zitakazotumika zitazidi bei ya taa mpya. Hapo mti wenyewe haufi. Waya mpya wa balbu 50 au 100, wa volti za nyumba husika, unazungushwa kwenye matawi yaliyo giza kuanzia karibu na nguzo kwenda nje na kurudi. Fungu bovu laweza kuachwa mahali pake, mradi balbu zake zote zibaki kwenye holda, kwa kuwa holda tupu zilizo upande wa laivu bado zina umeme. Waya huo mpya uchomekwe kwenye soketi ya ukutani, na si kwenye tundu la mwisho la plagi za mti, kwa sababu fyuzi ya ampea 3 iliyomo huko ilipangiwa taa zilizokuja na mti.